Mashine imesema 1,805, kikokotoo 1,462: nani mkweli?

"Wakuu, nimepimwa hapa Mwanza kwa ile mashine ya kuvuta pumzi ukiwa umelala, imesema mwili wangu unachoma kilokalori 1,805 kwa siku bila kufanya kitu. Kikokotoo cha mtandaoni kinasema 1,462. Mimi ni mwanamke, miaka 34, kilo 78, sentimita 162. RQ 0.83. Nifuate ipi?"

Dada, bado usifuate yoyote. Chukua kwanza karatasi ya majibu uangalie sehemu ya juu, palipoandikwa PB au Baro, yaani mgandamizo wa hewa. Ukikuta 760 mmHg, au namba kama 1013 hPa, umeshampata mchawi.

Mashine haipimi kalori. Inapima oksijeni unayotumia, VO2, na kaboni dioksidi unayotoa, VCO2, kwa dakika, kisha inaingiza kwenye kanuni ya Weir:

```
kcal/siku = 1.44 × (3.941 × VO2 + 1.106 × VCO2)
```

Kwa majibu yako, VO2 ya mililita 258 na VCO2 ya 214 zinaleta hiyo 1,805, na 214 ukigawa kwa 258 unapata 0.83, ndiyo RQ yako, uwiano wa gesi hizo mbili. Lakini hizo mililita si za hewa uliyopumua kama ilivyo. Mashine inazigeuza ziwe za hewa kavu, nyuzi sifuri, kwa mgandamizo wa 760 mmHg, yaani wa usawa wa bahari. Ili igeuze sawasawa lazima ijue mgandamizo wa chumba ulicholala. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na mjini mgandamizo halisi ni karibu 664 mmHg (885 hPa). Hewa ni nyepesi, lita moja ya hapa ina oksijeni pungufu kuliko lita moja ya Dar. Mashine ikidhani iko Dar, inakuhesabia oksijeni ambayo hukuitumia.

Kiasi gani? Chumba kikiwa na nyuzi 25, mvuke wa maji kwenye hewa iliyoshiba unachukua kama 24 mmHg. Toa hizo pande zote mbili, kwenye 760 na kwenye 664: 736 gawanya kwa 640 ni 1.15. Asilimia 15 za bure. 1,805 ukigawa kwa 1.15 unabaki na 1,570, na tofauti na kikokotoo inashuka kutoka asilimia 23 hadi 7 hivi.

Kosa hili linapita kimyakimya kwa sababu RQ haiguswi. VO2 na VCO2 zinaongezeka kwa kiwango kilekile, kwa hiyo uwiano unabaki mzuri na fundi anaona kipimo kiko safi. Mashine nyingi kubwa zina kihisi cha mgandamizo ndani. Zile za kuingiza namba kwa mkono ndizo za kuangalia, hasa kama fundi ameitoa kwenye programu ya hali ya hewa ya simu. Simu inaonyesha mgandamizo uliokwisha kurekebishwa kuwa wa usawa wa bahari, ndiyo maana Mwanza nayo inasoma elfu moja na kitu.

Ukikuta PB ni 664 au karibu na hapo, basi tuhamie kwako. Ulikunywa chai ya maziwa asubuhi? Uliteremka kwa miguu kutoka Mabatini ukapandishwa kitandani moja kwa moja? Inatakiwa uwe hujala tangu usiku, hujanywa kahawa wala chai, ulale kimya kama dakika 20, kisha dakika 5 za kwanza za kipimo zitupwe na zihesabiwe 5 mfululizo ambazo VO2 na VCO2 hazikuyumba zaidi ya asilimia 10. Homa nayo inapandisha, takriban asilimia 10 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mwenye malaria arudi akipona. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi inapandisha pia, ila hiyo huja na moyo kwenda mbio na kukonda.

Kikokotoo nacho si msahafu. Hicho cha kwako kinatumia kanuni ya Mifflin, ya mwaka 1990, iliyotokana na Wamarekani 498 wenye afya. Kinajua uzito, urefu, umri na jinsia tu. Kilo 78 za mwenye misuli na kilo 78 za mwenye mafuta mengi, kwake ni mtu mmoja. Kukosea asilimia 10 ni kawaida yake, na kwa wanene hukosea zaidi, kwa hiyo 1,570 yako haina shida yoyote.

Kwa wanaosoma uzi huu na mashine imewapa namba ya chini sana: kabla ya kulaumu dayati, ulizia kama barakoa ilikaa vizuri puani. Hewa ikivuja, gesi zote mbili zinapungua pamoja, na hapo tena RQ haikuambii kitu.