Ree ya Kopa na Ree ya Pau: Kusoma Mvuto Mpya kwa Karata za Taroti

Mcheza karata wa kwetu anayeshika taroti, karata za kutazamia mambo, kwa mara ya kwanza huwa na faida ambayo mara nyingi hajui kuwa anayo. Majina ya kopa, pau, shupaza na uru tuliyapata kutoka katika Kireno, na katika lugha hiyo maana yake ni vikombe, fimbo, panga na dhahabu, ambayo ndiyo makundi manne ya karata 56 ndogo za taroti, isipokuwa kwamba dhahabu humo huchorwa kama sarafu. Kwa sababu hiyo ninapomfundisha anayeanza humwambia tu ree, yaani karata ya moja, ya kopa na ree ya pau, naye huelewa bila kuhangaika na majina mapya. Tatizo huja pale anapoulizwa juu ya mtu aliyeanza kumvutia muulizaji, kisha ree hizo mbili zikatokea pamoja, kwani karibu kila mwanafunzi husema neno moja kwa zote mbili: penzi jipya linaanza. Nami nilisema hivyo kwa muda mrefu, na nilikuwa ninakosea.

Chukua karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Waite, zilizotolewa London mwaka 1909, kwa kuwa ndizo wanafunzi wengi huanza nazo. Ziweke ree hizo mbili kando kando, na kabla ya kitu kingine chochote tazama mikono. Katika ree ya kopa mkono unaotoka winguni umefunguka na kikombe kimekaa juu ya kiganja bila kubanwa. Njiwa anashuka akiwa na kimkate cheupe mdomoni, na maji yanafurika ukingoni kwa mifereji mitano hadi bwawani penye mayungiyungi. Katika ree ya pau mkono umefumba ngumi, umeshika fimbo nene mbichi yenye machipukizi, majani kadhaa yanapeperuka hewani, na mbali kuna ngome juu ya kilima. Kikombe kinapokea kutoka juu na kumwaga chini, bila kuelekea popote. Fimbo imeinuliwa, na nyuma yake kuna mahali pa kufikia.

Tofauti hiyo ya mikono ndiyo tofauti ya hisia na ashiki. Mtu aliye katika hali ya kopa hutaka kujua mwenzake amelalaje na ana nini moyoni, na anaweza kukaa hivyo miezi bila kutenda lolote. Aliye katika hali ya pau anataka waonane leo, naye hasubiri kuelezwa. Mwanafunzi asidhani kuwa hali ya kwanza ni ya heshima na ya pili ni ya tamaa tu, kwa sababu bila fimbo hakuna anayeinuka kwenda kubisha hodi. Lakini angalia tena ile fimbo: ni tawi lililokatwa, halina mzizi, na linachipua kwa utomvu uliobaki ndani yake. Anayelima muhogo anaijua hali hiyo, kwani vijiti vya mbegu vilivyoegemezwa ukutani huchipua vizuri kabisa kabla hujavipanda, na machipukizi yale hayathibitishi kwamba vimeshika ardhi. Ndiyo maana kwa ree ya pau huwa ninasema kwamba moto upo, wala sisemi lolote kuhusu muda utakaodumu. Ree ya kopa nayo haina tarehe, ingawa desturi ya wasomaji huichukulia pau kuwa ya haraka na kopa kuwa ya polepole.

Ukitandaza karata tatu tu kutoka katika 78 zilizochanganywa vizuri, ree hizi mbili hutokea pamoja mara moja katika mitandazo 1001, ilhali angalau mojawapo hutokea takriban mara moja katika kila 13. Maana yake ni kwamba kazi yako ya kawaida itakuwa kusoma ree moja na kuuliza ile nyingine iko wapi. Ikitokea ya pau peke yake, tafuta kopa yoyote katika karata zilizobaki mezani kabla ya kutaja neno mapenzi. Ikitokea ya kopa peke yake, tafuta pau kabla ya kumwambia mtu kwamba atapigiwa simu. Ikilala kichwa chini, kikombe huwa kimemwagika au kimefunikwa, na fimbo huwa imechelewa kuwaka.

Mtandazo uliobadilisha usomaji wangu ulikuwa wa dada mmoja aliyekutana na kijana harusini. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya hali yake yeye, ya pili ya kijana, ya tatu ya yaliyo kati yao. Ya kwanza ikatoka ree ya pau, ya pili ree ya kopa, ya tatu kopa nne. Nikafurahi kuziona ree mbili, nikamwambia kwamba kijana anampenda kwa dhati, ila kopa nne inaonyesha kuwa ameanza kuchoka, kwani katika karata hiyo kuna kijana aliyekaa chini ya mti amekunja mikono, na vikombe vitatu viko mbele yake.

Dada akanyamaza, kisha akasema, “Mbona yeye ndiye ananitumia ujumbe kila asubuhi kuuliza hali ya mama? Mimi ndiye sijibu mpaka usiku. Nilitaka tutoke, tukacheze muziki, yeye ananiuliza habari za dawa.”

Hapo nikaitazama upya kopa nne. Kando ya yule kijana kuna mkono unaotoka winguni ukimpa kikombe cha nne, kama ule mkono wa winguni ulio katika ree ya kopa. Kikombe kilichokuwa katika nafasi ya pili kilikuwa kimesogea hadi nafasi ya tatu, kinatolewa, na hakuna anayekitazama. Aliyekunja mikono alikuwa dada mwenye fimbo, ambaye moto wake ulikuwa unatafuta moto mwingine na hivyo hakuitambua salamu ya maji. Nilikuwa nimesoma karata ya tatu kana kwamba ni ya kijana, kwa sababu tu mchoro ule ni wa kijana mwanamume.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mambo mawili. Nafasi ya pili siiti tena moyo wa mwenzako, kwa kuwa asiyekuwepo mezani hawezi kunisahihisha; ninaiita mwenendo wake unaouona, na ninamwomba muulizaji anitajie tendo moja la wiki hiyo kabla sijaifunua. Jambo la pili ni kwamba ree hizi zikitokea katika nafasi mbili tofauti, ninamuuliza muulizaji ni nani kati yao huanza kuandika na ni nani hupanga mahali pa kukutana. Kwa yule dada, anayeandika alikuwa kijana na anayepanga alikuwa yeye. Akaondoka akisema kwamba kabla ya kumtajia kijana ukumbi wowote atajibu kwanza ujumbe wa asubuhi ile, ambao ulikuwa bado haujafunguliwa katika simu yake.