Dereva na nahodha wa boti kwenye daraja moja la mshahara

Kwenye mashirika madogo, mshahara mara nyingi unapangwa na bajeti ya mradi kuliko kazi yenyewe. Katika shirika nililosimamia utumishi hapa Mwanza, lenye watu kama ishirini na kituo Nansio kisiwani Ukerewe, dereva aliajiriwa na mradi wenye fungu nono kwa shilingi 750,000 kwa mwezi. Nahodha wa boti aliingia kupitia mradi mwembamba, kwa 420,000. Wote walikuwa na uzoefu unaolingana.

Tulianza kwa kuzipa kazi alama, huku majina na mishahara vimefichwa. Vigezo vilikuwa vinne: ujuzi, uamuzi, dhamana ya watu na mali, na mazingira ya kazi, kila kimoja kuanzia 1 hadi 5. Watatu tulijaza kila mtu karatasi yake, kisha tukajadili tulipopishana tu. Dereva alipata 10 (2, 2, 3, 3) na nahodha 12 (2, 3, 3, 4). Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye uamuzi, maana mhasibu alisema kuendesha ni kuendesha. Lakini upepo ukichafuka jioni, nahodha ndiye anayesema kama boti inavuka au inalala, na abiria wakiwa wameshajaa.

Mpaka wa daraja uwekeni pale alama zinapoachana zenyewe. Kwetu kazi iliyofuata juu ilikuwa na 15, hivyo 9 hadi 12 likawa daraja la pili kati ya matano. Msiwe na madaraja mengi. Kwa watu ishirini, madaraja kumi yangegeuka kuwa kila mtu na lake.

Kiwango cha kati tulikiweka 600,000 baada ya kuuliza mashirika mengine ya mjini yanalipa nini. Chini ni asilimia 80 yake, yaani 480,000. Juu ni asilimia 120, yaani 720,000. Nahodha alipandishwa papo hapo hadi 480,000, na awamu ya pili ikapangwa mwaka uliofuata. Kwenye bajeti nyongeza hiyo haikuwa 60,000 tu, kwa sababu mchango wa mwajiri NSSF nao hupanda.

Dereva alikuwa amevuka kiwango cha juu kwa 30,000. Hakukatwa, kwani mshahara ni sehemu ya mkataba na haupunguzwi bila makubaliano naye. Alisimamishiwa nyongeza mpaka daraja limfikie, na tulimweleza ana kwa ana kabla ya barua. Alinuna, nami sikumlaumu.

Posho ya kukaa Ukerewe iliachwa nje ya daraja. Ukiichanganya na mshahara, anayehamishiwa mjini anaondoka nayo, na tofauti zinarudi kimyakimya.

Sasa andiko la mradi mpya likija, kazi inapewa alama kwanza, halafu ndipo mshahara unaandikwa kwenye bajeti ya mfadhili.