Bei ya mzigo kwa tani lazima ibebe na kilomita za kurudi tupu

Mwenye Fuso la tani 8 anayetoa mahindi Iringa kuyapeleka Dar es Salaam hulipwa kwa kilomita zipatazo 500, lakini gari lake hutembea 1,000. Nimekuwa katika biashara hii kwa muda wa kutosha kuona wenzangu wengi wakipanga bei kwa kufuata dizeli ya kwenda, posho ya dereva na kitu kidogo cha faida, kisha wakashangaa matairi yanapoisha na fedha ya kununua mengine haipo. Nitaeleza ninavyopiga hesabu yangu; bei zilizomo ni za mfano, nawe weka za kwako.

Tuchukue dizeli kuwa shilingi 3,000 kwa lita. Gari likiwa na mzigo linakwenda kilomita 4 kwa lita, na likiwa tupu kilomita 5, kwa hiyo kwenda ni lita 125 na kurudi ni lita 100, jumla shilingi 675,000. Matairi, oili, breki na springi huliwa na kila kilomita hata gari likiwa halina kitu. Ukitenga shilingi 220 kwa kilomita unapata 220,000. Posho ya dereva na utingo pamoja na ushuru na maegesho tuziweke 170,000. Kisha kuna gharama zisizosubiri safari, yaani mishahara, bima, vibali na uchakavu wa gari lenyewe. Zikiwa 2,400,000 kwa mwezi, na gari likimaliza safari 6 za kwenda na kurudi, kila safari inabeba 400,000.

Jumla ni shilingi 1,465,000. Ukiigawa kwa kilomita 1,000 unapata 1,465 kwa kilomita, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu huichukua namba hiyo wakaizidisha kwa kilomita 500 za mteja. Mteja halipi kilomita za kurudi, hivyo kila kilomita yenye mzigo lazima ilipe 2,930. Kwa tani 8 hiyo ni takribani shilingi 366 kwa tani kwa kilomita, au 183,125 kwa tani kutoka Iringa hadi Dar es Salaam. Ukiongeza faida ya asilimia 15, bei unayomtajia mfanyabiashara inakuwa kama 210,000 kwa tani.

Mfanyabiashara wa mahindi, hata hivyo, hazungumzi tani, anazungumza gunia. Gunia la kilo 100 kwa hesabu hiyo ni shilingi 21,000, na magunia 80 yanakamilisha tani 8. Tatizo ni lumbesa. Gunia lililoshindiliwa na kushonewa kofia juu likifika kilo 120, gari lako linajaa uzito kwa magunia 66 tu, nawe unapokea 1,386,000, chini ya gharama ya safari yenyewe. Ukiamua kupakia yote 80 umebeba tani 9.6, na kwenye mizani ya barabarani ekseli ya nyuma ndiyo itakayokusemea. Kwa hiyo mimi hupima magunia machache kabla ya kupakia, na hukubali bei ya gunia pale tu tulipoandikiana uzito wake.

Sasa mzigo wa kurudi. Kwa kuwa safari ya kwenda imekwisha kulipia kurudi tupu, swali si kama mzigo huo unafikia 210,000 kwa tani, bali unaongeza gharama gani. Tuseme dalali wa Dar es Salaam anakupa tani 4 za bidhaa za dukani kwa 60,000 kwa tani, yaani 240,000. Dizeli ya ziada, lita 15, ni 45,000, na dalali akichukua asilimia 10 ni 24,000. Ukipakia siku hiyohiyo unabaki na 171,000, nami ningeuchukua bila kusita. Lakini ukiambiwa usubiri siku mbili, posho ya watu wako ni 60,000, na gharama za mwezi zinakula 80,000 kila siku, hivyo siku hizo mbili zinakugharimu 220,000 na mzigo huo unakupa hasara ya 49,000.

Hasara hiyo ni ya kweli pale tu mzigo mwingine unapokungoja Iringa, kama ilivyo baada ya mavuno, wakati ambapo kurudi tupu usiku huohuo kunalipa zaidi ya kusubiri. Msimu ukiwa hauna mizigo na gari lingelala Iringa hata hivyo, zile 80,000 kwa siku zingeliwa popote lilipo. Gharama ya kusubiri inabaki ni posho peke yake, na mzigo uleule unakuachia 111,000.