Kukadiria umri wa simba kwenye picha: tazama pua kabla ya manyoya ya shingo

Wengi wanaoanza kazi ya kutambua wanyama kwa picha hukimbilia manyoya ya shingo. Wakiona yamejaa na kuwa meusi, wanaandika "dume mzee"; wakiona machache, wanaandika "dume kijana"; wasipoyaona kabisa, wanaandika "jike". Kila moja ya hukumu hizo inaweza kuwa kosa, na kosa hilo lina uzito. Tanzania, kwa mfano, simba dume haruhusiwi kuwindwa kabla hajafikisha miaka 6. Dume anayelea watoto akiuawa mapema, madume wageni huingia kwenye kundi na kuwaua watoto wake. Anayekadiria umri kwa picha anapaswa kulijua hilo.

Anza na jinsia, na uanzie nyuma ya mnyama. Korodani za simba dume huonekana vizuri akiwa anatembea kukupa mgongo, hata akiwa bado mdogo.  Picha ya uso peke yake haitoshi kwa simba wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu dume na jike hufanana mno usoni. Hapo andika "jinsia haijulikani" na uendelee na kazi. Usitegemee ukubwa wa mwili isipokuwa wapo kwenye picha moja na unajua ni wa uzao mmoja.

Kwa simba wakubwa nako manyoya yana mitego yake. Tsavo, Kenya, kuna madume waliokomaa wenye manyoya machache mno, na wengine hawana kabisa. Joto la eneo linachangia. Katika delta ya Okavango, Botswana, wamewahi kuonekana majike wenye manyoya ya shingo. Dume aliyepoteza korodani kwa jeraha naye hupukutika manyoya. Kwa hiyo shingo inakupa dokezo tu, na uthibitisho unautafuta kwenye sehemu nyingine za mwili.

Hata hivyo manyoya yana kazi yake, hasa katika miaka minne ya mwanzo. Dume akikaribia miaka 2 huwa na kiduku kichwani, manyoya kidogo kifuani na ndevu kwenye mashavu. Akiwa na miaka 3 hivi, shingo imeanza kufunikwa lakini paji la uso, kati ya masikio, bado lina nywele fupi, na nyuma ya masikio kuna pengo unaloweza kulionyesha kwa kidole. Pengo hilo ndilo la kulitafuta. Baada ya hapo manyoya yanajaa, na tangu yanapojaa hayakusaidii tena kutofautisha wa miaka 5 na wa miaka 8. Weusi wake nao unaathiriwa na homoni za kiume na lishe pamoja na umri, hivyo dume mweusi shingoni anaweza kuwa mwenye afya njema tu.

Sasa pua. Pua ya simba mtoto ni ya waridi. Kadiri anavyokua hutokea madoa meusi, yanaongezeka, yanaungana. Mwaka 2004 watafiti wa simba Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha kazi iliyotumia simba waliojulikana umri wao, na ikaonekana kwamba huko Serengeti pua ikiwa nyeusi kwa nusu au zaidi, simba kwa kawaida amefika miaka 5. Kasi ya kuwa nyeusi haifanani kila eneo, kwa hiyo usichukue kipimo cha Serengeti ukakihamishia kwingine bila kulinganisha na simba wa huko wanaojulikana umri.

Namna ya kuisoma pua ni hii. Kuza picha mpaka ncha ya pua ijae kwenye skrini. Igawe kwa macho sehemu nne, kisha jiulize sehemu ngapi zingejaa kama madoa yote yangekusanywa pamoja. Kabla ya kuandika jibu, hakikisha unachokiona ni rangi ya ngozi. Simba aliyetoka kula ana damu iliyokauka puani, nayo inaonekana nyeusi kabisa kwenye picha. Damu huvuka mpaka na kupaka manyoya ya mdomo. Rangi ya ngozi huishia pembeni mwa pua. Kivuli cha jua la adhuhuri nacho hudanganya, na picha iliyopokea mwanga kupita kiasi huyafuta madoa madogo. Ukipata picha tatu za simba huyo huyo katika mwanga tofauti, zisome zote.

Akipiga mwayo, una bahati: tazama chonge. Za kijana ni nyeupe na zimechongoka. Za mzee zina umanjano, ncha zimekuwa butu, na mara nyingi moja imevunjika.

Chukua picha moja tuipitie pamoja. Dume amelala kivulini, shingo imejaa manyoya ya rangi ya kutu yenye weusi chini ya koo. Mtu akimtazama haraka atasema miaka 6. Lakini nywele kati ya masikio ni fupi. Pua ina madoa mengi, yakikusanywa hayafiki sehemu mbili kati ya nne. Kwenye picha ya pili anapiga mwayo na chonge ni nyeupe, ncha zake kali. Kwenye mapaja bado kuna madoadoa hafifu ya utotoni. Dalili hizo nne zinakubaliana, na manyoya ya koo yanabaki peke yake. Kwa simba wa Serengeti ningeandika: dume, miaka 3 hadi 4. Ningeandika pia dalili zilizonifikisha hapo, ili atakayefuata aweze kunipinga kwa ushahidi.

Kwa swala, swali la kwanza ni la spishi. Swala pala jike hana pembe, hivyo pembe zinamaliza suala la jinsia. Za dume huanza zikiwa zimenyooka kama miiba, kisha hujipinda kwenda nje na kurudi juu. Zikishapata umbo hilo kamili, umri wake hauonekani tena kwa urahisi, na kuhesabu pete za pembe hakukupi miaka. Kwa pofu mambo ni tofauti: jike naye ana pembe, na mara nyingi ndizo ndefu zaidi. Hapo pima unene wa shina la pembe, maana la dume ni nene. Swala tomi jike ana pembe nyembamba, nyingine zimepinda au kuvunjika, na wageni humwandika kuwa dume mdogo.

Kwa ndege nitachukua pungu tu, kwa sababu anapigwa picha sana akiwa angani. Aliyekomaa mtazame bawa kwa chini: ukingo wa nyuma wa dume una mkanda mpana mweusi, wa jike ni mwembamba na juu yake manyoya ni meupe. Kinda ana mwili wa kahawia na mkia mrefu kiasi kwamba miguu haichomozi nyuma yake. Hubadilika kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kabla ya kupata weusi kamili, kwa hiyo pungu mwenye mabaka ya kahawia na meusi andika "hajakomaa", usimpe mwaka.