Hiyo sec x + tan x inatoka wapi?

"Kwenye kutafuta integrali ya sec x, mwalimu kazidisha sec x juu na chini kwa sec x + tan x, jibu likatoka. Mimi ningejuaje?"

Mdogo wangu, anza na derivativu. Ya tan x ni sec²x, ya sec x ni sec x tan x. Zijumlishe, kisha toa sec x nje: sec x(sec x + tan x). Umeona? Ukiita mabano hayo u, basi u′ = u sec x, yaani sec x = u′/u. Kuzidisha kule kunaweka tu u′ juu na u chini, kwa hiyo jibu ni

ln|sec x + tan x| + C

Vile vistari viwili usivisahau. Kwenye x = π, u ni −1, na logi ya namba hasi haipo. (Mbinu yenyewe, kusema kweli, imebuniwa kinyumenyume, jibu likiwa tayari linajulikana.)