Ujumbe wa shangazi: usome kwa sikio

Swali: «Shangazi yangu wa Mbagala siku hizi haandiki, anaongea na simu inamwandikia. Leo ametuma hii kwenye kundi la familia: "Hum jumbo wanna goo jumper Lee sauna any Jonny umbrella." Watu wamenyamaza. Nimjibuje bila kumwaibisha?»

Jibu: Usome kwa sauti, haraka haraka, bila kutafuta maana ya Kiingereza. Utamsikia: «Hamjambo wanangu, Jumapili saa nane njooni Mbagala.» Shangazi ameongea Kiswahili kizuri tu. Kilichoharibu ni kibodi yake kuwekwa kwenye Kiingereza. Simu inasikia sauti kisha inatafuta maneno ya Kiingereza yanayofanana nayo, maana mengine haiyajui. Ndiyo maana Mbagala imegeuka mwavuli.

Ila hapo kwenye "sauna any" simama kidogo. Inaweza kuwa saa nane, lakini hata saa nne inasikika hivyo hivyo, na ukikisia vibaya mtafika wakati wali umeshapoa. Mjibu hivi:

«Hatujambo shangazi, shikamoo. Jumapili tunakuja Mbagala. Tuje saa nne asubuhi au saa nane mchana?»

Salamu umeipokea, ulichoelewa umemrudishia ili akusahihishe kama umekosea, na umeuliza kitu kimoja tu, ambacho hata ujumbe ulioandikwa vizuri ungeweza kuulizwa. Yeye atajibu «nane» na mambo yameisha. «Sijaelewa» ingemlazimu aanze upya, na kwa kibodi ile ile angetuma mwavuli mwingine. Wala usiweke kikatuni cha kucheka, hata cha upendo. Mmoja akianza, kundi zima litafuata.

Jibu hapo hapo kundini, kwa sababu wengine nao wanasubiri wa kuwafungulia njia. Lakini ujumbe ukitaja pesa au namba ya simu, toka kundini umpigie. Elfu kumi na elfu ishirini hazikisiwi. Na ukiusoma mara tatu bila kuambulia kitu, mpigie pia: «Shikamoo shangazi, nimeona ujumbe wako nikaona heri nisikie sauti yako.»

Kibodi irekebishe Jumapili mkishakula, si kwa maelekezo ya kundini. Kama anatumia Gboard, yaani kibodi ya Google, gusa alama ya gia juu ya herufi, ingia "Languages", kisha "Add keyboard", chagua Swahili. Kitufe kirefu cha nafasi kitaonyesha lugha iliyopo. Mwonyeshe akitazame kabla ya kugusa maikrofoni, kisha asubiri kidogo ndipo aanze kuongea. Akiwahi, neno la kwanza hukatwa, na kwa kawaida neno hilo ndilo salamu.