Mzee wa kengele

Swali la wiki: "Mwenzenu anastaafu na mnataka kumtengenezea video ya kumuaga. Maneno ya watu wengi mnayaunganishaje yakawa hadithi moja?"

Skuli yetu iko Pemba, na aliyestaafu ni mhudumu wetu, mgonga kengele. Kengele yenyewe ni ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Kazi ya kuandika video iliniangukia mimi.

Nilikosea mwanzo tu, nilipotuma kwenye kundi la wasap: "Semeni neno la kumuaga Mzee." Zikaja sauti 17, na karibu zote zilisema mamoja: mchapakazi, mcheshi, tutamkumbuka. Tena kila mtu alianza na salamu, akashukuru, akajitambulisha na cheo chake. Ukipiga sekunde 10 kwa kila mmoja, ni karibu dakika tatu, na video nzima tuliipangia sita! Nikabakisha salamu moja, ya mtu wa kwanza.

Nikawarudia mmoja mmoja na swali jengine: "Nambie siku moja ambayo Mzee alikufanyia jambo. Ilikuwa saa ngapi, mlikuwa wapi?" Hapo ndipo watu walipofunguka. Maalim wa hesabu alikumbuka wiki yake ya kwanza: gari imemchelewesha, amefika mbio na jasho linamtoka, akamkuta Mzee chini ya mwembe, nyundo mkononi. "Nimekuona unakuja, nikasema nisubiri kidogo." Karani wetu naye alileta kinyume chake. Siku ya mtihani alimwomba Mzee dakika mbili tu, akanyimwa.

Nilizipanga hizo mbili zifuatane, na katikati nikaweka sentensi moja ya msimulizi: "Zipo dakika Mzee alizokuwa akiazimisha, na zipo ambazo hazikuazimika." Kuanzia hapo kengele ikawa ndiyo uzi, na kisa kisichoufuata nilikitoa, hata kama kilikuwa kizuri.

Msimulizi nilimwachia sentensi tisa tu. Awali nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa sifa. Nilipousoma kwa sauti huku natazama saa, ulikula dakika mbili, na hauna hata jambo moja ambalo wenzangu hawakulisema vizuri zaidi.

Mwalimu mkuu alitarajia kufungua. Nilimwomba afunge yeye, amuombe Mzee radhi kwa niaba yetu sote, nami nikazikata radhi za wengine. Alikubali, ingawa si mara moja.

Mmoja alituma mzaha kuhusu Mzee kusinzia kwenye kibaraza. Ulinichekesha, lakini nilimsikilizisha kwanza binti yake. Akanyamaza, kisha akasema zilikuwa siku ambazo baba yake alikuwa akikesha hospitali na mama. Nikaufuta.

Video tuliianza kwa mlio wa ringi, bila ya picha. Siku ya kuionesha, ulipolia, Mzee alitazama saa yake ya mkono.